Nusu saa ya kwenye video, dakika tano za chumbani

Swali: "Kwenye video za ngono mwanamume anakwenda nusu saa nzima na mwanamke anafika kileleni kila mara. Mbona mimi na mke wangu ni dakika tano tu? Nina tatizo? Na nitaanzaje kuliongea naye?"

Dakika tano ni muda wa kawaida kabisa. Mwaka 2005 watafiti walioongozwa na daktari Marcel Waldinger wa Uholanzi walitoa majibu ya utafiti ambao jozi 500 za wapenzi kutoka Uholanzi, Uingereza, Hispania, Uturuki na Marekani zilipewa saa ya kupimia. Walipima tangu uume unapoingia ukeni hadi mwanamume anapomwaga, kwa wiki nne. Nusu yao walikuwa chini ya dakika 5.4 na nusu juu ya hapo. Aliyewahi zaidi alitumia kama nusu dakika, aliyechelewa zaidi dakika 44. Nchi zetu hazikuwemo, lakini hakuna sababu ya kudhani kwamba miili ya huku inafuata saa nyingine.

Ile nusu saa ya kwenye video hutengenezwa. Wapigaji picha hufanya kazi kwa saa kadhaa, wanasimama kurekebisha taa, kubadili mkao, kunywa maji na kupaka kilainishi, kisha mhariri anakata mapumziko yote na kuunganisha vipande. Baadhi ya waigizaji wa kiume humeza dawa za kusimamisha uume, wengine huchomwa sindano ya dawa kwenye uume wenyewe. Mtazamaji haoni lolote kati ya hayo, kwa hiyo anajipima na kitu ambacho hata mwigizaji hakukifanya kwa mfululizo.

Hata hivyo muda si udanganyifu mkubwa kuliko wote. Mkubwa zaidi ni mkao. Kamera inataka kuona sehemu za siri, na ili zionekane, miili miwili inalazimika kuachana: mwanamume anajivuta nyuma, mwanamke anageuzwa upande wa mwanga. Mwili wa mwanamke kwa kawaida unataka kinyume chake, yaani kugusana kwa karibu. Kinembe, kile kiungo kidogo kilicho juu ya tundu la mkojo mahali midomo ya uke inapokutana, ndicho chenye hisia kali kuliko vyote, na kukaa kwake nje ya uke kunafanya uume unaoingia na kutoka usikifikie vizuri. Katika utafiti wa wanawake wa Marekani uliochapishwa na Debby Herbenick na wenzake, asilimia 18 hivi tu walisema kuingiliwa peke yake kunawatosha kufika kileleni. Asilimia 37 hivi walisema bila kinembe kuguswa hawafiki. Ndiyo maana kuongeza dakika za kusukuma mara nyingi hakumsaidii mke. Mwanamume anachoka, mwanamke anakauka, na wote wawili wanadhani mmoja wao ana kasoro.

Kukauka kuna sababu yake. Uke huloa pale damu inapojaa kwenye kuta zake, na hilo huchukua dakika kadhaa za kuandaana, kwa wengine robo saa au zaidi. Video hukiruka kipande hicho au hukifupisha kuwa sekunde chache. Anayeiga ataingia mapema, mwenzake ataumia, na mara ya pili mwili wa mwenzake utakaza wenyewe kwa kuogopa maumivu. Dalili ni hizi: anashika pumzi, anabana mapaja, anakimbiza nyonga, au anaharakisha mambo yaishe. Sauti si kipimo, kwa kuwa sauti nayo huigwa.

Katika mwambao wetu mambo ya kuandaana yalikuwa na mwalimu, kungwi au somo, aliyekaa na binti na kumweleza. Mvulana mara nyingi hakuwa na wa kumweleza kwa kina hicho, na leo kwa wengi wao simu ndiyo imechukua nafasi hiyo. Kwa hiyo mume na mke huingia chumbani wakiwa na mafunzo mawili tofauti, na hakuna aliyemwuliza mwenzake alifunzwa nini. Mazungumzo yaanzie hapo.

Msiyaanzishe kitandani, wala mara tu baada ya tendo, maana kila neno litasikika kama hukumu. Subirini wakati mmekaa wawili, watoto wamelala, simu ziko mbali. Anayeanza ajitaje yeye kwanza. Chukua mfano wa mume anayeamini anawahi:

"Mama Asha, kuna jambo linanisumbua. Nimekuwa nikitazama zile video, na nimeanza kujipima nazo. Naona kama sikutoshelezi. Niambie ukweli, nini kinakupendeza na nini unavumilia tu?"

"Baba Asha, dakika hazijawahi kunisumbua. Mimi unaniingia kabla sijawa tayari. Na ule mtindo wa kunigeuza, kiuno kinaniuma."

Jibu hilo linauma, lakini linafanyiwa kazi. Kwa wiki mbili wanaweza kukubaliana kwamba hakuna kuingia mpaka mke aseme, kwamba mkono wake ndio utamwongoza mume kwenye kinembe na kumwonyesha uzito wa kugusa, na kwamba mkao unaoumiza umeondolewa. Kilainishi cha maji kinasaidia. Mafuta ya nazi au ya mgando yasitumike pamoja na kondomu ya kawaida, kwani yanaidhoofisha hadi ipasuke.

Kuna pia swali la video zenyewe: je, zitazamwe, na nani, na kwa siri au la? Hapa hakuna jibu moja kwa nyumba zote. Wengine hawajali, wengine wanaliona kama usaliti, na dini ya mtu ina neno lake. Kinachoumiza zaidi mara nyingi ni kuficha, kwa hiyo semeni mpaka wenu kwa maneno ya wazi. Mtu akiona kwamba bila video hasisimki, au amezoea kujichua kwa kubana sana hivi kwamba akiwa na mwenzake hamalizi, apumzike wiki kadhaa, kisha abadilishe mshiko uwe mwepesi.

Jambo moja lisijaribiwe hata kwa ridhaa: kukabwa shingo. Video zinalionyesha kama mchezo, lakini kubana shingo kunazuia damu kufika kwenye ubongo, na mtu anaweza kuzimia ndani ya sekunde chache. Hakuna namna salama ya kulifanya.

Mwanamume anahesabiwa kuwa na tatizo la kuwahi ikiwa tangu ujana wake humaliza ndani ya dakika moja hivi karibu kila mara, au muda wake umeshuka hadi dakika tatu au chini, hawezi kujizuia, na hali hiyo inamsononesha. Aende kwa daktari. Kuna zoezi la kusimama na kuanza upya: unasisimuliwa hadi unakaribia kumwaga, unaacha kwa nusu dakika hivi, unaanza tena, mara tatu kabla ya kumaliza. Kuna pia dawa za hospitali. Vumbi la Kongo na unga mwingine wa mitaani auepuke, kwa kuwa hajui kilichomo. Unga wa namna hiyo ukiwa umechanganywa na sildenafili, ambayo ni dawa ya kusimamisha uume, na mtu anatumia dawa za moyo aina ya naitreti, shinikizo la damu linaweza kuporomoka kwa ghafla. Na uume ukisimama zaidi ya saa 4 bila kulala, hiyo ni dharura, aende hospitali usiku huohuo.