Je, Wajua Kwa Nini Maoni ya Walimu wa Ufaransa Hupotoka Yakitafsiriwa Neno kwa Neno?

"Ripoti ya binti yangu huku Ufaransa, ilipotafsiriwa kwa Kiswahili, ilisema yeye ni dhaifu, anajitolea, anatunza siri na aongeze kazi binafsi. Kwa nini mwalimu aandike hivyo?"

Mwalimu hakuandika hivyo. Kwa namna maoni hayo yalivyotafsiriwa, yaelekea yalisomeka hivi: "Ensemble fragile. Élève volontaire mais trop discrète à l'oral. Travail personnel à approfondir." Nafasi ya maoni kwenye ripoti ni finyu, kwa hiyo walimu wa Ufaransa huandika vipande vifupi, mara nyingi bila kitenzi, kwa maneno ambayo shuleni yamepata maana mahususi.

"Ensemble" hapa ni matokeo kwa jumla, wala si mtoto mwenyewe. "Fragile" inaonya kwamba matokeo hayo hayajawa imara na yanaweza kushuka. Haigusi afya wala akili yake. "Volontaire" shuleni ni mwanafunzi mwenye nia na bidii, na hii ni sifa njema. "Travail personnel" ni kujisomea nje ya kipindi: kurudia somo na kufanya mazoezi ya nyumbani.

Neno linalohitaji uangalifu zaidi ni "discrète", kwa sababu hata mfasiri anayekwepa kosa la "kutunza siri" anaweza kuandika "mpole" au "mtulivu". Mzazi aliyelelewa akijua kwamba mtoto mwenye adabu hanyamazishwi mbele ya wakubwa, bali hunyamaza mwenyewe, atafurahi na kumpongeza binti yake, ilhali mwalimu analalamika. Katika shule za Ufaransa, kunyoosha mkono na kujibu kwa mdomo huhesabiwa kuwa sehemu ya kujifunza, na neno "trop", yaani "kupita kiasi", ndilo linaloonyesha kwamba hapa hasifiwi. Kwa hiyo ukimya wenyewe hauna budi kutajwa pamoja na mahali unapotokea.

Ningeyatafsiri maoni hayo hivi: "Matokeo yake kwa jumla bado si imara. Ni mwanafunzi mwenye nia ya kujifunza, lakini hazungumzi vya kutosha darasani. Anapaswa kujisomea kwa kina zaidi nyumbani." Kiswahili kinadai mtendaji pale Kifaransa kilipomwacha, ndiyo maana tafsiri ni ndefu kuliko asili, mfasiri asiifupishe ili ilingane nayo.

Alama nazo zisigeuzwe kuwa asilimia bila maelezo. Wastani wa 11 kati ya 20 ukiandikwa 55 kati ya 100 huonekana kama amenusurika kufeli, lakini katika baccalauréat, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Ufaransa, daraja la "assez bien", yaani "vizuri kiasi", huanzia 12, "bien", yaani "vizuri", 14 na "très bien", yaani "vizuri sana", 16. Alama ya 11 iachwe ilivyo, na kando yake iandikwe kwamba 10 ndiyo nusu na kwamba 16 tayari ni alama ya juu sana.