Upungufu wa stoo: krediti ni moja, debiti hutafutwa

Jioni ya tarehe 31 Desemba, duka la vifaa vya ujenzi limefunga mlango mmoja na kubakiza mmoja. Watu wawili wako stoo wanahesabu simenti. Mmoja anaita idadi, mwingine anaandika. Kadi ya stoo inasema simenti ya daraja la nguvu la 42.5 ipo mifuko 420. Wao wamepata 388.

Mifuko 32 haionekani. Kwa bei ya kununulia ya Sh 15,000 kwa mfuko, hiyo ni Sh 480,000. Kinachofuata katika maduka mengi kinatabirika: karani anafuta 420, anaandika 388, na katika leja anaweka "hasara" ya Sh 480,000. Daftari limekubaliana na stoo, kila mtu anakwenda kulala. Kwa idadi yuko sahihi. Kwa hesabu za biashara, amekosea sehemu kubwa ya fedha hizo.

Kurekebisha stoo ya daftarini ni kukifanya kitabu kiseme kile macho yalichokiona, kwa ingizo katika jarida, yaani kitabu cha maingizo, ambalo mtu mwingine ataweza kulifuata baadaye. Kila ingizo lina pande mbili: krediti, ambako thamani inatoka, na debiti, ambako inakwenda. Mali iliyopungua lazima itoke kwenye akaunti ya bidhaa, kwa hiyo upande wa krediti hauna mjadala: ni Bidhaa, Sh 480,000. Kazi yote iko upande wa pili. Nani anabeba upungufu huo? Mwenye kuleta mzigo, mteja, mwenye duka, au biashara yenyewe? Kila mfuko kati ya ile 32 una jibu lake, na majibu hayafanani.

Kabla ya kuwatafuta wabebaji wa upungufu, hakikisha hesabu yenyewe inaaminika. Anayehesabu asipewe karatasi yenye idadi za daftarini, maana akijua zinatakiwa 420 ataziona 420. Rundo la mifuko lihesabiwe kwa kupanda juu yake, si kwa kuzidisha safu za mbele kwa safu za pembeni. Rundo huweza kuwa na shimo katikati ambalo ukisimama mlangoni hulioni. Na bidhaa zisiingie wala kutoka wakati wa kuhesabu. Kama haiwezekani kufunga duka, kila kinachotoka kiandikwe pembeni pamoja na saa. Tofauti ikionekana, rudia kuhesabu bidhaa hiyo kwa watu wengine kabla hujagusa leja.

Hapa walirudia, wakapata 388 tena. Wakafungua mafaili.

Kwanza, hati za kupokelea mzigo. Wiki mbili nyuma lori lilileta simenti. Ankara inasema mifuko 300, lakini nakala ya hati ya mzigo ina maandishi ya kalamu chini, "imepokelewa 290", na sahihi ya dereva. Karani aliingiza kutoka kwenye ankara. Mifuko 10 haikufika kabisa, kwa hiyo haikuibwa stoo, na duka lina deni dogo kuliko linavyofikiri. Ingizo lake:

Debiti: Mwenye kuleta simenti, Sh 150,000
Krediti: Bidhaa (simenti ya 42.5), Sh 150,000
Maelezo: mifuko 10 pungufu katika mzigo, tazama hati ya mzigo yenye sahihi ya dereva

Msitari wa maelezo si pambo. Bila huo, mwakani hakuna atakayekumbuka kwa nini deni lilishuka, na mwenye kuleta simenti atakapodai fedha yake kamili hutakuwa na la kumwonyesha. Ingizo hili pia haliishii kwenye kitabu: lazima umwombe hati ya krediti, yaani karatasi yake inayokubali kwamba deni limepungua. Asipokubali kuitoa, deni linarudi na mifuko hiyo inakuwa hasara yako.

Pili, mauzo ya siku ile. Saa nne asubuhi fundi mmoja alibebewa mifuko 6 kwa guta, kwa mkopo, na ankara yake ilikuwa bado haijaandikwa mpaka jioni. Hiyo ni mauzo yasiyoingizwa, wala si upungufu. Inahitaji maingizo mawili, na wengi hufanya moja tu. La kwanza ni la bei ya kuuzia, Sh 17,000 kwa mfuko: debiti mteja Sh 102,000, krediti Mauzo Sh 102,000. La pili ni la gharama: debiti Gharama ya bidhaa zilizouzwa Sh 90,000, krediti Bidhaa Sh 90,000. (Duka hili halijasajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, lingekuwa limesajiliwa, sehemu ya kodi ingetengwa.) Angalia kilichotokea: kilichoitwa hasara ya Sh 90,000 kimegeuka faida ya Sh 12,000, na kuna mtu wa kudaiwa Sh 102,000. Karani aliyefuta 420 na kuandika 388 angempoteza mdaiwa huyo.

Tatu ndiyo ninayoipenda, kwa sababu haionekani ukitazama kadi moja. Simenti ya 32.5 ilikuwa 260 daftarini, na stoo zikapatikana 268. Ziada ya 8. Mara nyingi, ziada kwenye bidhaa moja na upungufu kwenye ndugu yake ni watu wawili wa hadithi moja. Ankara zilipopitiwa, kuna mteja aliyeandikiwa mifuko 8 ya 32.5, na kijana wa kupakia anakumbuka alichukua kutoka kwenye rundo la kulia, ambalo ni la 42.5. Mifuko inafanana, rangi ya maandishi ndiyo tofauti.

Ya 32.5 inanunuliwa Sh 13,000. Gharama ya mauzo yale ilishaingizwa kwa bei hiyo, Sh 104,000, wakati kilichotoka kweli kina gharama ya Sh 120,000. Kwa hiyo: debiti Bidhaa (32.5) Sh 104,000, debiti Gharama ya bidhaa zilizouzwa Sh 16,000, krediti Bidhaa (42.5) Sh 120,000. Hasara halisi ni ile Sh 16,000. Lakini tahadhari: kufidia ziada ya bidhaa moja kwa upungufu wa nyingine kunaruhusiwa pale tu palipo na ushahidi kwamba zilibadilishana. Ukifidia kwa sababu tu namba zinakaribiana, unamfichia mtu. Misumari iliyozidi hailipi nondo zilizopungua.

Nne, fupi: mwenye duka alichukua mifuko 3 akakarabati choo cha nyumbani. Hakuiba, mali ni yake, lakini pia si gharama ya biashara. Debiti Mali aliyochukua mwenyewe Sh 45,000, krediti Bidhaa Sh 45,000. Inapunguza mtaji wake, haigusi faida.

Jumlisha: 10, 6, 8 na 3 ni 27. Imebaki mifuko 5 isiyo na maelezo yoyote. Hiyo sasa, na hiyo peke yake, ndiyo upungufu wa kweli: debiti Upungufu wa stoo Sh 75,000, krediti Bidhaa Sh 75,000. Akaunti hii ikae peke yake kati ya gharama, isichanganywe na gharama nyingine. Mwaka huu 75,000, mwaka ujao 90,000, mwaka wa tatu 400,000: namba hiyo ikikaa wazi itakuambia kitu, ikizikwa haitakuambia. Kama mwaka umefungwa na uchunguzi haujaisha, weka tofauti yote katika akaunti ya muda ya tofauti za stoo, kisha ihamishe kipande kwa kipande kadiri majibu yanavyopatikana. Usiache hata shilingi humo wakati wa kutoa taarifa za mwisho.

Kuna jambo linalochanganywa na upungufu. Kati ya ile mifuko 388, minne ilikuwa imeganda kwa unyevu wa ukuta. Imehesabiwa, ipo, idadi haibadiliki. Thamani ndiyo iliyoanguka. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa bidhaa, IAS 2, kinataka bidhaa zibaki vitabuni kwa gharama au kwa kiasi kinachotarajiwa kupatikana kwa kuziuza baada ya kutoa gharama za kuuza, kilicho kidogo kati ya viwili. Fundi wa kujaza msingi anakubali kuichukua kwa Sh 3,000 kila mmoja. Basi 60,000 inashuka kuwa 12,000, na Sh 48,000 inakwenda debiti katika akaunti ya kushuka kwa thamani ya bidhaa. Simenti ya 42.5 inafunga mwaka kwa mifuko 388 yenye Sh 5,772,000, badala ya 5,820,000.

Sasa swali la bei: upungufu upigwe kwa bei ipi? Wenye maduka wengi huupiga upungufu kwa bei ya kuuzia: mifuko 5 mara 17,000, wanadai wamepoteza Sh 85,000. Faida ambayo haikuwahi kupatikana haiwezi kupotea. Vitabuni mfuko uliingia kwa 15,000, unatoka kwa 15,000.

Jambo hili linauma zaidi pale upungufu unapotupiwa mtunza stoo. Niliwahi kuona karatasi ya mshahara wa kijana mmoja iliyokatwa mwezi mzima, kwa bei ya rejareja, bila kuulizwa neno. Kwa Tanzania, kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hakiruhusu hivyo. Mfanyakazi akubali kwa maandishi, hasara iwe imetokana na kosa lake akiwa kazini, apewe maandishi ya sababu na jinsi kiasi kilivyopatikana, apate nafasi ya kupinga, deni lisizidi gharama halisi ya hasara, na makato yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Yakitimia, ingizo ni debiti Wadaiwa wafanyakazi, krediti Upungufu wa stoo. Yasipotimia, hakuna mdaiwa wa kuandikwa, na hasara inabaki kwa biashara.

Yote haya yanadhani kwamba duka lina kadi za stoo. Maduka mengi hayana. Huko, gharama ya mauzo hupatikana kwa kuchukua bidhaa za mwanzo wa mwaka, kuongeza manunuzi, na kutoa zilizohesabiwa mwisho. Hesabu hiyo haina mahali pa upungufu: chochote kisichokuwepo siku ya kuhesabu kinachukuliwa kuwa kimeuzwa. Mifuko mitano inaingia kimya ndani ya gharama ya mauzo. Dalili inayobaki ni faida ghafi. Ukinunua kwa 15,000 na kuuza kwa 17,000, unatarajia karibu asilimia 12 ya mauzo. Ukipata 9 na bei hazikubadilika wala hukutoa punguzo, kuna simenti iliyotoka bila fedha kuingia, na bila kadi hutajua ni mifuko mingapi, ya aina gani, wala ilitoka lini.