Mteja kabonyeza "Lipa" mara mbili: namna ya kumjibu meneja kwenye usaili

Kwenye usaili wa wahandisi wa mifumo ya malipo, mara nyingi anakuwepo pia meneja wa fedha au wa huduma kwa wateja. Hajui kuandika programu, lakini swali lake ndilo huwatoa watu jasho: "Mteja kabonyeza Lipa, mtandao umekatika, kabonyeza tena. Mtazuiaje asikatwe mara mbili?"

Kabla ya kutafuta mfano, mpe tatizo lenyewe. Simu ya mteja imetuma ombi la kulipa shilingi 45,000, ikasubiri sekunde 30, kimya. Huenda ombi halikufika. Huenda lilifika, fedha zikakatwa, jibu ndilo likapotea njiani. Au huenda bado linashughulikiwa. Simu haina njia ya kujua ni lipi kati ya hayo, kwa hiyo ikiacha kurudia, bili inaweza kubaki haijalipwa, na ikirudia ovyo mteja anaweza kukatwa 90,000.

Mfano unaopendwa na wasailiwa wengi ni kitufe cha lifti: hata ukibonyeza mara kumi, lifti inakuja moja. Mimi siupendi. Meneja makini atausikia, kisha atasema: "Kumbe rahisi. Namba ile ile ya simu, kiasi kile kile, ndani ya dakika 5, kataeni." Mfano wenyewe ndio umemfikisha huko, maana lifti haitofautishi kubonyeza kwa wasiwasi na kubonyeza kwa kukusudia. Mzazi anayewalipia watoto wawili nauli ya basi la shule, 45,000 kila mmoja, ataonekana amerudia.

Mimi hutumia hundi, na husema hivi:

"Mama, kila karatasi ya kitabu cha hundi ina namba yake hata kabla hujaiandika. Tuseme umepeleka benki hundi namba 107 ya shilingi 45,000, na hujui kama imefika. Unapeleka nakala yake, namba ile ile 107. Karani anafungua leja, anaona 107 imeshalipwa, halipi tena. Ila ukiandika hundi 108, mtu yule yule, kiasi kile kile, inalipwa, kwa sababu hayo ni malipo mengine. Simu ya mteja nayo inaandaa namba mara anapothibitisha malipo, na kila inaporudia ombi hilo inatuma namba hiyo hiyo."

Uzuri wa hundi ni kwamba namba inatoka kwa mlipaji. Wasailiwa wengi huteleza hapo, wakasema seva ndiyo inatoa namba ombi likiingia. Ikiwa hivyo, ombi lililorudiwa litapewa namba mpya na kinga yote imekwisha. Ndiyo maana Stripe, kwa mfano, ambayo ni kampuni ya malipo ya mtandaoni, humwachia anayetuma ombi aweke namba hiyo mwenyewe kwenye kichwa cha ombi kiitwacho `Idempotency-Key`.

Kisha namwambia mfano unapoishia, kwa sababu sehemu hiyo inagusa kazi yake. Karani huikataa hundi ya pili. Seva nzuri haikatai: inarudisha jibu lile lile la kwanza, "umelipa, stakabadhi hii hapa." Ingekataa, mteja angesoma "imeshindikana" huku fedha zimeshatoka, na simu ya malalamiko ingeita mezani kwa meneja huyo huyo.

Hapo mhandisi aliye kwenye jopo huingilia: je, maombi mawili yakifika kwa wakati mmoja, kila moja kwa karani wake, na wote wakaikuta leja haina 107? Jibu ni kwamba leja yenyewe ndiyo ikatae kuandikwa namba moja mara mbili, na kila karani aandike kwanza ndipo alipe:

```sql
ALTER TABLE malipo ADD UNIQUE (namba_ombi);
```

Meneja hahitaji kuisoma. Anahitaji kusikia kwamba makarani wote wanaandika kwenye leja moja, na anayewahi kuandika ndiye anayelipa.

Mambo mengine nayaacha hadi niulizwe: kwamba namba hazihifadhiwi milele, na kwamba namba ile ile ikija na kiasi tofauti lazima iwe kosa.

Lakini moja nalitaja hata nisipoulizwa. Seva yetu nayo inaomba fedha kwa kampuni ya simu, na kimya kile kile kinaweza kutokea huko mbele. Kampuni ikiipokea namba yetu na kuiheshimu, tunarudia bila hofu. Isipoipokea, tunauliza kwanza hali ya muamala, na isipojulikana tunaandika "inasubiri" badala ya kubahatisha. Kwa hiyo, mama, bado utahitaji mtu wa kulinganisha leja yetu na taarifa ya kampuni ya simu kila asubuhi, na bajeti yake iwemo.