Tokeni ikiisha katikati ya zamu: nani hasa anayekunyang'anya kazi?

Wanaofanya kazi za foleni, kama kunakili sauti, kukagua picha au kujibu tiketi za wateja, wanalijua lalamiko hili: uko katikati ya kazi, unabonyeza Tuma, unaambiwa kipindi chako kimeisha. Unaingia tena na kukuta kazi ulizochukua zimetoweka. Maelezo yanayozunguka kuhusu jambo hili mengi si sahihi, na baadhi yake hufanya hasara iwe kubwa zaidi.

Dhana: Tokeni ikifa, kazi hufa nayo.

Ni vitu viwili, na kila kimoja kina saa yake. Tokeni inaiambia seva wewe ni nani, na muda wake wa mwisho umeandikwa ndani yake, kwa kawaida katika sehemu iitwayo `exp`. Kazi uliyochukua ni safu katika hifadhidata: namba ya kazi, jina la aliyeishika, na saa ambayo haki yake ya kuishika itakoma. Tokeni inapoisha, hakuna anayekwenda kuigusa safu hiyo.

Basi kazi hupotea vipi? Tuchukue mfano. Mnakili ameingia saa 4:00 asubuhi na kupewa tokeni ya dakika 60. Saa 4:47 anachukua rekodi tatu. Mfumo wake unampa dakika 15 za kuzishikilia, na kila baada ya dakika tano ukurasa hutuma kimyakimya ishara ya uhai inayosema "bado nipo", nayo seva humwongezea dakika 15 kuanzia hapo. Ishara ya 4:52 inapita. Ya 4:57 inapita pia, kwa hiyo kazi ni zake hadi 5:12. Saa 5:00 tokeni inaisha. Ishara ya 5:02 inarudishwa na jibu `401`, yaani seva haimtambui tena, na ya 5:07 vilevile. Mnakili haoni chochote, maana aliyeuandika ukurasa hakufikiria kuonyesha kosa la ombi linalokwenda chinichini. Saa 5:12 muda wa kushikilia unakwisha, rekodi zinarudi kwenye foleni na mwenzake anazichukua. Saa 5:20 mnakili wetu anabonyeza Tuma, na ndipo anapoambiwa aingie tena.

Yeye ataapa kwamba tokeni ndiyo iliyomponza saa 5:20. Kumbe kazi ilikwenda dakika nane kabla, na kulikuwa na dakika 12 nzima, kuanzia 5:00 hadi 5:12, ambazo kuhuisha tokeni kungeokoa kila kitu. Tokeni haikumnyang'anya kazi, ila iliizima ishara iliyokuwa ikiilinda.

Dawa basi iko kwenye ishara ile. Ikipata `401`, ukurasa uhuishe tokeni papo hapo na kuituma ishara ileile tena. Ikishindikana, mtumiaji aonyeshwe onyo linaloonekana, lenye dakika zilizobaki. Na upande wa seva, kuongeza muda kuwe na sharti:

```sql
UPDATE kazi
SET mwisho = now() + interval '15 minutes'
WHERE id = 4127 AND mshikaji = 'u-88' AND mwisho > now();
```

Ikiwa hakuna safu iliyobadilika, seva ijibu `409`, na ukurasa umwambie mtu ukweli: kazi hii si yako tena. Bila sharti la mwisho hapo juu, aliyechelewa anaweza kufufua haki iliyokwisha kufa.

Mfano huu unategemea jambo moja: `mshikaji` ni namba ya mtumiaji, ile inayobaki ileile kila anapoingia. Ipo mifumo inayoandika hapo namba ya kipindi. Kwenye mifumo ya namna hiyo hata ukiingia tena ndani ya sekunde tano, seva inakuona mgeni, na kazi zako zinakaa zimefungwa kwa jina la kipindi kilichokufa hadi muda wake uishe. Kuipima ni rahisi: chukua kazi moja, kisha ingia kwa akaunti ileile kwenye kivinjari kingine kabla muda wa kushikilia haujaisha. Usipoiona kwenye orodha yako, kuna uwezekano mkubwa tatizo liko hapo.

Dhana: Nikiendelea kuandika na kubonyeza, tokeni haiishi.

Hapa watu wanachanganya na mifumo ya kuki inayohesabu muda wa kukaa kimya, ambako kila ombi linasukuma mwisho mbele. Tokeni iliyotiwa saini haisukumwi. `exp` ikishaandikwa haibadiliki. Kinachowezekana ni kupewa tokeni mpya. Tena, kuandika ndani ya kisanduku si ombi kwa seva hata kidogo.

Dhana: Nifungue vichupo viwili, kimoja kikiisha kingine kitaniokoa.

Ushauri huu una madhara kuliko yote. Mifumo mingi hutoa tokeni mbili: fupi ya kufanyia kazi, na ndefu ya kuhuishia. Katika mingi ya hiyo, ile ya kuhuishia hutumika mara moja tu. Ukiitumia unapewa nyingine na ya zamani inafutwa. Vichupo viwili vikiamka pamoja na kutuma tokeni ileile ya kuhuishia, cha kwanza kinafaulu. Cha pili, kwa macho ya seva, kinafanana na mwizi anayetumia tokeni iliyokwisha tumika, na seva kali hufuta tokeni zote za kipindi hicho. Dalili yake ni jibu lenye `invalid_grant`, na vichupo vyote kutolewa nje kwa wakati mmoja.

Anayeutengeneza ukurasa anaweza kulizuia kwa kufuli la kivinjari:

```js
await navigator.locks.request('huisha', async () => {
  if (inakaribiaKuisha(somaTokeni())) await huisha();
});
```

Tokeni inasomwa ndani ya kufuli, si kabla yake. Kichupo kilichosubiri zamu kitakuta mwenzake ameshahuisha na hakitatuma kitu. Ukiisoma nje ya kufuli, umerudi palepale.

Dhana: Ukiona dalili za kuisha, toka kisha ingia upya.

Usibonyeze Toka. Katika mifumo mingi ya foleni, kutoka kwa hiari kunamaanisha umemaliza zamu, na kazi zote ulizoshika zinaachiwa mara moja. Fungua ukurasa wa kuingia kwenye kichupo kingine, ingia, kisha rudi ulikokuwa na utume tena. Kabla ya hapo nakili maandishi yako pembeni. Mfumo uliotengenezwa kwa uangalifu huhifadhi rasimu ndani ya kivinjari, lakini si yote.

Dhana: Wasimamizi waweke tu tokeni ya saa 12.

Seva inayokagua saini pekee, bila kuuliza hifadhidata, itaikubali tokeni hiyo kwa saa zote 12 hata ikiibwa dakika ya kwanza. Na mtandao ukikatika kwa dakika 20, ishara ya uhai itakufa vilevile na kazi zitarudi kwenye foleni.

Kuna kikomo ambacho kuhuisha hakukivuki. Tokeni ya kuhuishia nayo inaweza kuwekewa mwisho usiosogezwa, tuseme saa nane tangu uingie, na baada ya hapo hakuna njia ila kuingia kwa nywila. Mahali pa kulishughulikia hilo ni wakati wa kutoa kazi. Mtu aliyebakiwa na dakika 10 kabla ya kikomo hicho aombwe kuingia upya kwanza, ndipo akabidhiwe rekodi ya dakika 40.