Barua ya kuomba bajeti ya kampeni moja: namba anazozitafuta mwenye duka

Barua za kuomba bajeti ya matangazo ninazoletewa nizipitie huanza karibu zote kwa mtindo mmoja: "YAH: OMBI LA KUONGEZA BAJETI", chini yake "tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", halafu aya ndefu kuhusu maelfu ya watu walioliona tangazo. Mwenye duka akifika hapo ameshaweka simu chini. Yeye ana swali moja tu: nikikuongezea hela, ninaingiza nini juu ya hiki ninachokipata sasa?

Nitaonyesha jinsi ninavyolijibu kwa mfano wa duka la Dar es Salaam linalouza na kufunga pampu za maji. Namba nimezigeuza na kuzikunja ili mteja asijulikane, ila uwiano wake ni wa kawaida kwa kazi hii.

Duka lina kampeni mbili kwenye Google. Ya kwanza inatokea mtu anapoandika jina la duka lenyewe, ya pili anapoandika kitu kama "pampu ya kisima bei". Ukitazama mauzo kwa kila shilingi iliyotumika, ya kwanza inaipita ya pili mbali sana, na kijana mgeni kazini angeomba hela ziende huko. Lakini anayeandika jina la duka tayari analijua, na wengi wao wangefika hata bila tangazo. Isitoshe, kampeni hiyo inaonekana karibu kila jina linapotafutwa. Hata ukiipa hela maradufu, hakuna watafutaji wengine wa kuwafikia.

Kwa hiyo kabla ya kuandika neno lolote ninaangalia kama kampeni imekwama kwa sababu ya hela. Google hukuandikia `Limited by budget`, lakini mimi siombi kwa kutegemea onyo hilo peke yake. Ninafungua safu ya `Search lost IS (budget)`, inayoonyesha asilimia ya nafasi tulizozikosa kwa sababu bajeti haikutosha. Kampeni ya pampu ilikuwa inapata asilimia 50 ya nafasi. Asilimia 40 ilipotea kwa bajeti, na asilimia 10 kwa ubora wa tangazo na kiwango tulichokuwa tayari kulipa. Hiyo 10 haitibiwi kwa kuongeza bajeti, kwa hiyo haiingii kwenye ombi. Ile 40 ndiyo hoja yangu: watu wanatafuta pampu na sisi hatuonekani.

Sasa hesabu. Bajeti ilikuwa shilingi 20,000 kwa siku, yaani 600,000 kwa siku 30. Kila mbofyo uligharimu wastani wa 500, tukapata mibofyo 1,200. Kati ya hao, 96 walipiga simu au kutuma ujumbe wa WhatsApp, na 16 wakanunua. Duka lilitenga laini moja ya simu kwa ajili ya tangazo hilo tu, na dada wa mapokezi huandika kwenye daftari kila anayeitumia, tarehe aliyopiga na kama alinunua. Bila daftari lile barua isingekuwa na miguu, kwa sababu Google haioni pampu iliyolipiwa kaunta.

Kila mauzo, pamoja na ufungaji, yalikuwa wastani wa 650,000. Hapa ndipo waandishi wengi wa barua hizi huteleza. Wanazidisha 16 kwa 650,000, wanapata 10,400,000, wanagawa kwa 600,000, kisha wanatangaza kwamba kila shilingi imeleta 17. Mwenye duka anajua hakuona hela hiyo mfukoni. Ukitoa bei ya kununulia pampu, usafiri na malipo ya fundi, kinachobaki kwa kila mauzo ni 130,000. Mara 16 ni 2,080,000. Toa 600,000 za tangazo, zinabaki 1,480,000. Hiyo ndiyo namba ya kumpelekea.

Kisha hela ya nyongeza, ambayo haileti wateja kwa bei ile ile ya zamani. Tangazo litaanza kuonekana saa na maeneo ambako wanunuzi ni wachache zaidi. Mauzo moja yalikuwa yanatugharimu 37,500 za tangazo. Kwa yale ya nyongeza nilikisia 60,000, na nilikisia juu makusudi.

Barua yenyewe ilikwenda hivi:

"Shikamoo Mzee. Naomba bajeti ya kampeni ya pampu ipande kutoka 20,000 hadi 32,000 kwa siku, kwa siku 30, kuanzia Jumatatu. Nyongeza ni 360,000 kwa siku zote hizo. Kila mauzo yanakuachia 130,000, kwa hiyo mauzo 3 zaidi yanarudisha hela hiyo. Mimi nategemea 6, ambayo yataacha 420,000 baada ya kulipia tangazo. Ile kampeni ya jina la duka tuiache ilivyo.

Mambo mawili usishtuke ukiyaona. Siku nyingine Google inaweza kukata hadi 64,000, kwa kuwa inaruhusiwa kufika mara mbili ya bajeti ya siku, lakini mwezi mzima hautazidi 972,800. Pia wastani wa gharama kwa kila mauzo utapanda kutoka 37,500 hadi kama 43,600. Faida bado itakuwa imeongezeka. Mauzo ya nyongeza yakianza kugharimu zaidi ya 130,000 kila moja, nitarudisha bajeti ilipokuwa.

Naomba pia uniambie kama mafundi wataweza kufunga pampu 6 zaidi."

Kile kipande cha wastani wengi hukiacha, nami nakiona ndicho kinachookoa ombi. Mwezi ukiisha, mwenye duka ataona tangazo limekula 960,000 na mauzo ni 22. Mtu akimgawia, atapata shilingi moja inaleta kama 15, si 17 tena, na atadhani mambo yameharibika. Usipomwambia mapema, utatumia mwezi wa pili kujitetea wakati amepata faida zaidi. Na swali la mafundi si la adabu tu. Mteja mwenye kisima kisichotoa maji akiambiwa asubiri wiki mbili, anapiga simu duka jingine, na wewe umeshalipia mbofyo wake.

Hesabu hii ina mipaka yake. Mauzo 16 ni machache, na mwezi unaofuata unaweza kutoa 13 au 19 bila mtu kugusa kitu. Mvua za masika pia hupunguza wanaotafuta pampu, kwa hiyo Aprili haifai kulinganishwa na Septemba. Kuna na wanaopiga leo wakanunua mwezi ujao, baada ya fundi kwenda kupima kina cha kisima. Ndiyo maana siku bajeti inapopanda ninapiga mstari kwenye daftari, na waliopiga kabla ya mstari huo ninawahesabia bajeti ya zamani hata kama wamelipa baadaye. Baada ya siku 30 ninasubiri wiki nyingine mbili, ndipo ninamtumia Mzee namba tatu: mauzo yaliyozidi, gharama iliyozidi, na kilichobaki mkononi mwake.