Gharama kwa kila matumizi: lini ada ya mwezi inajilipa

Gharama kwa kila matumizi ni fedha uliyolipa ukiigawanya kwa mara ulizotumia kitu hicho. Umelipa ada ya jimu 45,000 kwa mwezi, umekwenda mara tisa, basi kila safari imekugharimu 5,000. Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne. Kazi inaanza pale unapoiangalia hiyo 5,000 na kujiuliza: ni nyingi au ni kidogo?

Peke yake namba hiyo haina jibu. Inapata maana ukiiweka kando ya bei ya kupata kitu kilekile kwa njia nyingine. Jimu nyingi za mikoani huuza kwa mwezi na pia kwa siku, na bei ya siku ndiyo kipimo chako cha kwanza. Kama mlangoni wanatoza 4,000 kwa siku, mtu aliyelipia mwezi na kila safari ikamtoka 5,000 amenunua kwa jumla kwa bei iliyo juu ya rejareja. Sokoni hakuna anayekubali jambo hilo kwenye mchele wala kwenye asali, lakini kwenye ada za mwezi tunalikubali kila siku kwa sababu ada hulipwa mara moja na matumizi huja kidogo kidogo, kwa hiyo vitu hivyo viwili havikutani kichwani.

Nitaeleza kwa hesabu ya shemeji yangu, mume wa dada, ambaye ni mwalimu wa sekondari hapa Tabora na anaishi Ipuli. Mimi natunza vitabu vya chama cha wafugaji nyuki, kwa hiyo hesabu za nyumbani huwa zinaletwa kwangu. Mwezi wa tano 2025 alikuja akiwa na swali moja: aendelee na jimu au aache?

Nikamuuliza anakwenda mara ngapi. Akajibu bila kusita, "Mara tatu kwa wiki, shemeji." Hiyo ni mara kumi na mbili au kumi na tatu kwa mwezi. Nikamwomba kabla ya yote akaangalie daftari la mlangoni, lile ambalo kila anayeingia anaandika jina na kusaini. Alirudi na namba hizi: Januari mara 14, Februari mara 9, Machi mara 5, Aprili mara 6. Jumla 34 kwa miezi minne, yaani wastani wa mara nane na nusu kwa mwezi.

Hakuwa anadanganya. Alikuwa anaikumbuka Januari, mwezi aliokuwa na ari, na kuufanya kuwa kawaida yake. Machi ilikuwa Ramadhani, akafunga na jioni zikawa za futari na tarawehe. Aprili palikuwa na mitihani ya kusahihisha. Ukimuuliza mtu, atakutajia mwezi wake mzuri na kuiita ile miezi mingine ya dharura, ilhali dharura ndizo nyingi. Ndiyo maana hesabu hii haifanywi kwa kukumbuka. Inafanywa kwa daftari, na kama jimu yako haina daftari, weka alama kwenye kalenda ya ukutani kila unaporudi.

Ada yake ilikuwa 45,000 kwa mwezi na bei ya siku 4,000. Gawanya 45,000 kwa 4,000 unapata 11 na kitu, kwa hiyo mwezi unajilipa kuanzia safari ya kumi na mbili. Namba hiyo ya kumi na mbili naiona muhimu kuliko hata gharama ya kila safari, kwa sababu unaweza kuibeba kichwani na kuipima kabla hujalipa. Chini ya hapo ni afadhali kulipa mlangoni, na juu ya hapo ada inakufaa.

Sasa irudie miezi yake. Januari, safari 14, kila moja ilimtoka 3,214. Hapo ada ilimsaidia, maana kwa siku angelipa 56,000. Februari ikapanda hadi 5,000, Machi 9,000, Aprili 7,500. Kwa miezi yote minne alitoa 180,000. Angelipa kwa siku safari zilezile 34, angetoa 136,000. Tofauti ni 44,000, karibu ada nzima ya mwezi mmoja imekwenda bila kitu.

Wachumi wawili, Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier, waliwahi kulichunguza jambo hili Marekani, na utafiti wao ulichapishwa mwaka 2006. Walichukua kumbukumbu za wanachama zaidi ya 7,700 katika jimu tatu. Waliochagua ada ya mwezi, ambayo ilikuwa juu ya dola 70, walikwenda kwa wastani mara 4.3 tu, kila safari ikawatoka zaidi ya dola 17. Mlango huohuo ulikuwa unauza tiketi za safari kumi, kila safari dola 10. Na wale walioacha, kati ya siku yao ya mwisho kufika na siku ya kujitoa, ilipita miezi miwili na zaidi kwa wastani huku ada ikiendelea kukatwa. Wakati wa kulipa watu walikuwa wanakadiria mwili wa kesho, na mwili wa kesho siku zote una nguvu kuliko wa leo. Shemeji na zile mara zake tatu kwa wiki hakuwa peke yake.

Akaniuliza, "Lakini shemeji, ile ya Machi na Aprili nimeshaitoa. Nikiacha sasa si nimepoteza?" Hapa ndipo wengi wanapokwama. Fedha ya Machi imekwenda akiendelea au akiacha, haimo tena kwenye uamuzi. Miezi iliyopita inatufaa kwa jambo moja tu, kutuonyesha mwezi ujao utafanana na nini. Kinachopimwa ni 45,000 ambayo bado iko mfukoni dhidi ya safari ambazo kweli atakwenda.

Kisha akauliza kuhusu bodaboda. Kutoka Ipuli hadi jimu alikuwa analipa 1,000 kwenda na 1,000 kurudi. Je, iingie kwenye hesabu? Inategemea unalinganisha nini. Ukilinganisha ada ya mwezi na malipo ya siku, iache, maana pikipiki utaipanda vilevile. Lakini ukilinganisha jimu na kukimbia asubuhi karibu na nyumbani, ni lazima iingie, kwa sababu anayekimbia Ipuli hapandi kitu. Kwa hesabu hiyo safari yake ya Machi ilimgharimu 11,000, siyo 9,000.

Aliweka hoja moja ambayo sikuweza kuipuuza. Alisema akilipa kwa siku hatakwenda kabisa, kwamba ada ndiyo inayomsukuma. Inawezekana. Daktari alishamwambia apunguze uzito kwa sababu ya presha, na kwa mtu kama huyo safari ya 9,000 inaweza kuwa bora kuliko kutokwenda. Lakini hoja hiyo inajaribika, haihitaji mabishano. Nikamwambia Mei alipe mlangoni tu, aone. Alikwenda mara 7, akatoa 28,000. Kwa hiyo kulipa kwa siku hakukumfungia ndani, na Machi ada ilikuwa imeshindwa kumtoa. Juni shule zilipofungwa alijua ana nafasi, akanunua mwezi mzima, akafika mara 15. Hiyo ni 3,000 kwa safari. Tangu hapo huamua mwezi kwa mwezi kwa kuangalia ratiba ya shule, na kumi na mbili ndiyo mpaka wake.

Kwenye programu za filamu na mpira, hesabu inabadilika sura, na huku ndiko dada yangu alikonishangaza.

Kwanza kipimo siyo mara ulizofungua. Kufungua, kutafuta dakika kumi na kufunga si kutazama. Hesabu saa, na nyingi ya programu hizi huonyesha historia ya ulivyotazama, kwa hiyo daftari liko tayari kwenye simu. Dada analipia 10,000 kwa mwezi, na tulipoijumlisha historia yake ilikuwa karibu saa 20, nyingi ni tamthilia. Ada pekee ikagawanyika hadi 500 kwa saa. Kwa namba hiyo, mpango ubaki, maana hata kiingilio cha kibanda umiza ni 500 na huko unatazama kile alichoamua mwenye banda.

Ila nyumbani kwake hakuna intaneti ya mwezi, anatumia bando. Picha ya kawaida hula takriban GB 0.7 kwa saa, na kwa bando analonunua, GB moja inamtoka 2,000. Hiyo ni 1,400 kila saa, juu ya ile 500. Saa moja ya tamthilia kumbe ni 1,900.

Na bando halifanani na ada. Ada ukitumia zaidi inagawanyika zaidi. Bando kila saa inakuja na yake mpya. Dada akitazama saa 40 badala ya 20, sehemu ya ada itashuka hadi 250, na gharama ya saa itakuwa 1,650. Itaonekana kama ameokoa. Fedha iliyotoka mfukoni itakuwa imepanda kutoka 38,000 hadi 66,000. Hapa ndipo kipimo hiki kinapoweza kumdanganya mtu: ukianza kutazama ili namba ishuke, namba inashuka na mfuko unatoboka. Kwa hiyo kwenye kitu kinachokula bando andika namba mbili pamoja, ya kila saa na ya mwezi mzima.

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia aache. Lakini ukiangalia 38,000 yake, ada ni 10,000 tu, na 28,000 ni bando. Akiacha mpango huu na kuhamia kutazama video za bure kwa saa zilezile na picha ileile, bando litaendelea kuliwa vilevile. Tulichofanya ni kuingia kwenye mipangilio na kushusha ubora wa picha hadi ngazi ya chini, ambayo hula takriban GB 0.3 kwa saa. Kwenye simu ya inchi sita anasema haoni tofauti kubwa, isipokuwa maandishi madogo ya tafsiri yanayomlazimu kuisogeza simu. Saa 20 sasa ni 12,000 za bando na 10,000 za ada, jumla 22,000. Amebakiza 16,000 kwa mwezi, ambazo ni zaidi ya ada yenyewe, na tamthilia yake hajaikatisha.