Kanuni ya saini na pembetatu zenye majibu mawili

Chukua mtumbwi wa injini unaotoka mwalo wa Kibirizi, Kigoma, kwenda ziwani. Nahodha ameshika mstari mmoja, hapindi kushoto wala kulia. Kaskazini ufukweni kuna mnara wa simu, kilomita 8 kutoka pale alipoanzia, na mstari wa safari yake unafanya pembe ya nyuzi 35 na mstari unaokwenda moja kwa moja kwenye mnara. Tuseme mtandao wa mnara huo unafika kilomita 5 tu. Namba nimezibuni ili hesabu iwe nyepesi; mtandao halisi una mambo yake, milima ikiwemo. Swali ni hili: akiwa umbali gani kutoka Kibirizi, mtumbwi utakuwa kilomita 5 kamili kutoka kwenye mnara?

Tuite Kibirizi A, mnara B, na mtumbwi C. Tunajua pembe A ni nyuzi 35, upande AB ni 8, na upande BC, unaoitazama pembe A, ni 5. Pande mbili, na pembe ambayo haiko katikati yake. Kwa taarifa za namna hii, mtu anayekimbilia jibu moja anaweza kuacha nusu ya jibu bila kujua.

Kanuni ya saini inasema kwamba katika pembetatu yoyote, ukigawanya upande kwa saini ya pembe inayoutazama, unapata namba ileile kwa pande zote tatu:

a / sin A = b / sin B = c / sin C

Upande BC wa kilomita 5 unatazamwa na A, na upande AB wa kilomita 8 unatazamwa na C. Kwa hiyo:

sin C = 8 × sin 35° / 5 = 8 × 0.5736 / 5 = 0.9177

Kikokotoo kitakupa C kuwa nyuzi 66.6. Ukitumia jedwali la saini utapata hiyohiyo, kwa sababu jedwali linaishia nyuzi 90. Lakini saini ya pembe na saini ya kile kinachobaki ukiitoa kwenye 180 ni sawa. Kwa hiyo nyuzi 113.4 nazo zina saini ya 0.9177. Kikokotoo hakijakosea, ila kimeulizwa swali lenye majibu mawili na kimetengenezwa kutoa moja, lile la pembe kali. Hilo la pembe butu ni lazima ulitafute mwenyewe.

Twende na yote mawili. C ikiwa nyuzi 66.6, pembe B inabaki nyuzi 78.4, na umbali AC ni 5 × sin 78.4° / sin 35°, yaani karibu kilomita 8.54. C ikiwa nyuzi 113.4, B inabaki nyuzi 31.6, na AC inakuwa karibu kilomita 4.57.

Jibu sahihi ni lipi? Yote mawili. Kwenye kilomita 4.57 simu ya nahodha inaanza kushika mtandao, na kwenye kilomita 8.54 inaupoteza. Mtandao wa mnara ni duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 5, na mstari ulionyooka ukipita ndani ya duara lazima uukate ukingo mara mbili, wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Hali hii yenye utata, inayoonekana vitabuni kama sharti la kukariri, ni jambo hilo tu: mstari kutoka A na duara lenye kitovu B vinakutana mara ngapi.

Ukilitazama hivyo, hali nyingine huhitaji kukariri. Mahali ambapo mtumbwi unaukaribia mnara kuliko pote ni pale mstari wa kwenda kwenye mnara unapoikata njia yake kwa nyuzi 90. Umbali huo ni 8 × sin 35°, yaani kilomita 4.589. Mtandao ukiwa mfupi kuliko hapo, simu haitashika kabisa na pembetatu haipo. Kwenye hesabu utaligundua hilo kwa kuona sin C imezidi 1, na kikokotoo kitaandika kosa. Mtandao ukifika kilomita 4.589 kamili, mstari unagusa ukingo mara moja tu na C ni nyuzi 90. Ukiwa kati ya hapo na kilomita 8, majibu ni mawili.

Na ukizidi kilomita 8? Hapo Kibirizi yenyewe imeshaingia ndani ya duara. Mtumbwi unaanza safari ukiwa na mtandao, kwa hiyo hauna pa kuingilia. Una pa kutokea tu. Jaribu kilomita 10: sin C inakuwa 0.4589, na pembe zinazowezekana ni nyuzi 27.3 au 152.7. Jumlisha ya pili na nyuzi 35 za A, unapata 187.7, imeshazidi 180 kabla hata ya kuitafuta B. Itupe. Jumla hiyo ndiyo kipimo ninachokiamini zaidi, kwa sababu hakihitaji kukumbuka upande upi unazidi upi: andika pembe zote mbili kila mara, kisha jumlisha kila moja na ile uliyopewa.

Pembe A yenyewe ikiwa butu, tuseme nyuzi 110, mtumbwi unauacha mnara tangu mwanzo. Hapo jibu ni moja endapo BC ni ndefu kuliko AB. Kama sivyo, hakuna.

Tukirudi kwenye mfano wa kwanza: nahodha akikwambia tu kwamba yuko kilomita 5 kutoka kwenye mnara, huwezi kujua yuko sehemu ipi kati ya zile mbili. Kanuni haiwezi kukuchagulia. Muulize mnara uko wapi akitazama omo ya mtumbwi. Kama bado uko mbele ya ubavu, pembe C ni butu, kwa hiyo yuko kilomita 4.57. Kama umeshapita nyuma ya ubavu, C ni kali na yuko kilomita 8.54. Ukiwa ubavuni kabisa, basi hayuko kilomita 5 kutoka kwenye mnara bali 4.589, na kutoka Kibirizi yuko kilomita 6.55, ambayo ni katikati kabisa ya yale majibu mawili.

Jambo la mwisho ni la vipimo. Karibu na nyuzi 90, saini inabadilika kidogo sana hata pembe ikibadilika sana. Weka mtandao wa kilomita 4.6, unaozidi ule wa kugusa kwa mita 11 hivi. Pembe C inakuwa nyuzi 86 au 94, na kipande cha safari chenye mtandao kina urefu wa mita 650 hivi. Punguza zile mita 11 na kidogo, mita zote 650 zinatoweka. Ndiyo maana sin C ikikutokea 0.998 au 1.002, usiharakishe kusema majibu ni mawili au hakuna. Rudi kwanza utazame vipimo ulivyopewa vilikadiriwa hadi wapi, na kama uliikata saini ya nyuzi 35 mapema kuwa 0.57.